Mtaji wa cherehani: kikoba au mkopo wa taasisi?

Fundi anataka 600,000. Vikoba vingi hukopesha mara tatu ya hisa, kwa hiyo awe na 200,000. Akiweka 5,000 kwa wiki, ni wiki 40. Riba anayolipa hurudi kwenye mfuko, naye hupata sehemu yake wakati wa kugawana.

Taasisi ya mikopo humpa mapema. Kwa riba bapa ya asilimia 3 kwa mwezi, miezi sita, atarejesha 708,000: 29,500 kila wiki kwa wiki 24, mara nyingi kabla wateja hawajazoea duka. Riba bapa haipungui hata deni likibaki nusu.

Ningesubiri kikoba. Pesa ya ndugu haina riba, ila iandikiwe tarehe ya kurejesha. Mwekezaji hutaka umiliki. Kwa cherehani moja, hapana.