Barua kwa shangazi wa Mpwapwa: treni ya SGR na bei ya kanga zangu

Shangazi, shikamoo. Hapa Majengo, Dodoma, sote wazima. Uliniuliza kama kweli treni hii imeshusha bei au ni maneno ya watu. Nimeipanda kufuata mzigo wa kanga Dar tangu ilipoanza kufika Dodoma, Julai 2024, kwa hiyo nakueleza niliyoyaona mwenyewe.

Nauli yenyewe haikunipa nafuu kubwa. Treni ya kawaida nililipa 31,000 kwenda, na kurudi vivyo hivyo. Basi halikupishana sana na hapo. Nafuu imetoka kwenye usiku. Zamani kwa basi nikishuka Dar jua linazama, maduka yanafungwa, nalala gesti. Chumba 25,000 na chakula cha ziada 15,000, jumla 40,000. Mtaji wangu ni doti 40 kila safari, kwa hiyo kila doti ilibeba shilingi 1,000 ya kulala tu. Sasa naondoka alfajiri, natumia kama saa nne njiani, nachukua bajaji hadi mtaa wa Uhuru pale Kariakoo, na jioni niko kwenye behewa narudi. Meza yangu inafungwa siku moja badala ya mbili.

Ile 1,000 nimeitoa kwenye bei: doti ya 14,000 nauza 13,000. Ila shangazi, sikuitoa kwa hiari yote. Wateja wangu wengi ni watumishi, nao wanapanda treni hiyo hiyo. Mama mmoja aliniambia usoni, "Doti hii mtaa wa Uhuru nimeiona kwa elfu kumi." Ningefanyaje? Chini ya hapo siwezi, maana nauli ya kwenda na kurudi peke yake inakula 1,550 kwa kila doti.

Usifikiri kila kitu sokoni kimeshuka. Kanga ni nyepesi, doti 40 hazizidi kilo ishirini na kidogo, nazibeba mwenyewe kwenye begi. Jirani yangu wa nyanya hajaona tofauti yoyote, tenga zake zinakuja kwa lori kutoka Iringa na bei inapanda mvua ikiharibu shamba.

Ukitaka kujaribu biashara hii, pandia stesheni ya Gulwe, usije kwanza Dodoma. Lakini kata tiketi ya treni ya kawaida, ile ya haraka inapita bila kusimama. Uwe na kitambulisho, na ufike mapema sana kwa sababu mizigo inakaguliwa kabla ya kupanda. Mimi safari ya pili nilichelewa, nikaiona treni ikiondoka na pesa za mzigo ziko kwenye kibindo. Nililia, shangazi.

Kanga ulizoniagiza nimezitenga mbili, ya bluu na ya kahawia. Niambie ipi nikutumie.

Mwanao, Majengo