Ruta mbili, jina moja la waifai: uzoefu wangu na ruta ya laini yenye betri, Tanga

Nina steshenari ndogo Ngamiani: kutoa kopi, kuchapa, kujazia watu fomu za mtandaoni. Nyuma ya duka ndiko tunakoishi. Intaneti ya dukani ni ya faiba, na umeme ukikatika nayo inakwenda hata kama waya wake mzima, maana kiboksi cha faiba na ruta vyote vinakula umeme. Ndiyo sababu nikanunua ruta ya pili, ya kuweka laini ya simu, yenye betri ndani.

Ruta yenyewe sina ugomvi nayo. Nimeiweka dirishani chumba cha nyuma, ndiko mawimbi ya mnara yanakoingia vizuri, na umeme ukikatika kazi za mtandaoni kwenye laptopu zinaendelea. Ugomvi wangu ni na ushauri uliokuja nayo. Kijana aliyeniuzia aliingia kwenye ukurasa wake wa mipangilio akaandika jina la waifai na nenosiri lilelile la faiba. "Dada, umeme ukikatika vitu vyote vinahamia vyenyewe, wewe huna la kugusa."

Vilihamia kweli. Kazi ikawa kurudi.

Umeme ukisharudi, laptopu ya kaunta inafungua kila tovuti bila shida, lakini nikituma kazi kwenye printa naambiwa "Offline", na printa iko hapo mezani inawaka. Siku nyingine mambo yanageuka: laptopu iko faiba, printa ndiyo imebaki kwenye laini. Na bando la laini likawa linaisha siku ambazo umeme haukukatika kabisa. Kwa kuwa intaneti haikuwa na tatizo, hakuna aliyeishuku ruta. Tulikuwa tunailaumu printa.

Jambo lenyewe liko hivi. Simu au laptopu haikumbuki ruta, inakumbuka jina la mtandao, aina ya ulinzi na nenosiri. Ruta mbili zikifanana kwa hayo matatu, kwake huo ni mtandao mmoja wenye milango miwili, na kwenye orodha ya waifai utaona jina moja tu. Kila mlango una namba yake ya utambulisho, BSSID, yenye tarakimu na herufi kumi na mbili, lakini hiyo wewe huoneshwi wala huulizwi. Kifaa kinachagua chenyewe, na kigezo chake kikubwa ni nguvu ya mawimbi. Hakijui ipi inakula bando, wala printa imekaa upande gani.

Kikishakaa mahali, hakiondoki kwa sababu tu pengine kuna mawimbi mazuri zaidi. Kinasubiri mawimbi kilichonayo yadhoofike. Apple wameandika kipimo chao waziwazi: aifoni huanza kutafuta mlango mwingine mawimbi yakishuka chini ya -70 dBm, na huhama pale tu mlango mpya unapokuwa na nguvu zaidi kwa angalau dB 8 kama inatumika, au dB 12 kama imetulia. Kwenye Windows inategemea kadi ya waifai na programu inayoiendesha, lakini tabia ni hiyohiyo. Windows huonesha mawimbi kwa asilimia, na -70 dBm ni kama asilimia 60.

Sasa chukua duka langu. Umeme unakatika, ruta ya faiba inazimika, laptopu inakamata ile ya chumbani. Umeme unarudi. Faiba inachukua dakika kadhaa kuwaka na kupata mtandao, na muda wote huo ruta ya betri iko hewani, haikuzima hata kidogo. Printa inawaka haraka kuliko faiba, inalitafuta jina inalolijua, inalikuta kwenye ruta ya chumbani, inaingia. Faiba ikija kuwa tayari, wote wameshakaa. Pale kaunta ruta ya chumbani inasoma asilimia 66. Kuna ukuta mmoja tu katikati, kwa hiyo si mawimbi mabaya ya kukifanya kifaa kitafute pengine. Faiba iko hatua mbili kutoka hapo, mawimbi yamejaa, na hakuna anayeiangalia.

Kinachoua kazi ni kwamba nyuma ya jina hilo moja kuna mitandao miwili isiyojuana. Ruta ya faiba inagawa anwani zinazoanza na 192.168.1, ya laini inagawa zinazoanza na 192.168.8. Laptopu ikiwa upande mmoja na printa upande mwingine hazionani, hata zikigusana. Pia mara nyingine kifaa kinaruka kutoka ruta moja kwenda nyingine kikiwa bado na anwani ya kule kilikotoka, kwa kuwa kinadhani hakijatoka nyumbani. Hapo mawimbi yanajaa lakini hakuna kinachofunguka mpaka uzime waifai na kuwasha.

Kujua laptopu ya Windows iko wapi, niliandika hivi:

```
netsh wlan show interfaces
ipconfig
```

Ya kwanza inatoa BSSID na Signal. Ya pili inatoa Default Gateway, na hiyo ndiyo ya kuitazama kwanza: kwangu 192.168.1.1 ni faiba, 192.168.8.1 ni laini. BSSID peke yake inaweza kukuchanganya, kwani ruta moja inayorusha 2.4 na 5 GHz ina BSSID mbili au zaidi. Lakini kama ruta zako zote mbili zinatumia 192.168.1.1, Default Gateway haitakwambia kitu. Hapo linganisha BSSID na namba iliyobandikwa chini ya ruta, ingawa tarakimu za mwishoni huenda zikapishana kidogo. Kwenye simu, bonyeza mtandao uliounganishwa usome anwani ya ruta.

Dawa yangu ilikuwa kuibadilisha jina ruta ya laini. Kisha kwenye laptopu nikaondoa alama ya kujiunga yenyewe na jina hilo jipya. Printa inajua jina la faiba tu, kwa hiyo ikiwaka mapema inasubiri. Nilichopoteza ni ule uhamaji wa bure: umeme ukikatika nachagua mwenyewe kwenye orodha, na ukirudi narudisha mwenyewe. Kwa bando la siku hizi, naona afadhali.

Kijana yule hakutunga lakini. Jina moja na nenosiri moja ni sahihi kabisa pale ruta ya pili inapokuwa tawi la ya kwanza: unazima DHCP yake, ile kazi ya kugawa anwani, unaipa anwani isiyogongana, mfano 192.168.1.2, unavuta waya kutoka tundu la LAN la ruta kubwa mpaka tundu la LAN la ndogo, si lile la WAN. Hapo anwani zinagawiwa na mmoja tu, printa inaonekana popote, na kifaa kikishika mlango wowote hakikosei. Ila ukifanya hivyo kwa ruta kama yangu umeifanya kipaza mawimbi. Laini iliyomo ndani haikusaidii tena faiba ikizimika.

Anayetaka kuhama bila kugusa kitu atafute ruta moja inayopokea njia zote mbili, faiba na laini, halafu ampe umeme wa akiba huyo mmoja pamoja na kiboksi cha faiba. Bei yake imenizidi kwa sasa. Hii niliyonayo naipa nyota nne, na moja niliyokata si ya betri.