Shilingi 1,700 zilivyosababisha nikatwe 53,100 ndani ya wiki moja: uzoefu wangu na akaunti ya biashara yenye ovadrafti

Nina duka la vipuri vya pikipiki hapa Mtwara mjini, Magomeni. Akaunti ya biashara ninayoizungumzia nimeitumia mwaka wa tatu sasa, na kwa mambo mengi imenifaa: mawakala wako kila mtaa, kadi inakubalika madukani, na nikituma hela Dar kwa msambazaji wangu inafika siku hiyo hiyo. Nyota ninazoipa ni mbili, na sababu ni wiki moja tu, ile ya kuanzia Ijumaa tarehe 30 Mei 2025, tulipokuwa tunaelekea Idi. Naieleza siku kwa siku kwa sababu mimi mwenyewe sikuielewa mpaka nilipokaa na stetimenti, kalamu na risiti zangu zote mezani.

Kwanza hii ovadrafti. Nilipofungua akaunti, kwenye fomu kulikuwa na kisanduku cha kukubali kwamba hela ikipungua, benki inilipie mpaka shilingi 100,000 chini ya sifuri. Kijana aliyenihudumia aliniambia, "Mama, hii itakusaidia malipo yako yasikwame." Nikaweka tiki. Sikuuliza kila malipo yatakayolipwa hivyo yanatozwa kiasi gani. Jibu lilikuwa shilingi 10,000, na ukijumlisha VAT ya asilimia 18 unapata 11,800. Tozo hiyo haiangalii umepungukiwa kiasi gani. Ukipungukiwa shilingi mia au ukipungukiwa elfu tisini, ni 11,800 ile ile, tena kwa kila muamala.

Ijumaa asubuhi nilikuwa na 212,000. Siku hiyo nililipa kwa kadi 96,000 kwa jumla, matairi na cheni. Jumamosi nikaweka mafuta ya 34,000 kwenye kituo cha barabara ya kwenda Mikindani. Jumapili nikanunua dawa za mama yangu za 21,000, maduka ya dawa ya kule Ligula. Mara zote tatu mashine ya kadi ilikubali na risiti ikatoka, maana hela ilikuwepo. Jumla ni 151,000, kwa hiyo zilibaki 61,000.

Usiku wa Jumamosi, mwisho wa mwezi, benki ilikata ada yake ya kuendesha akaunti, 15,000 na VAT yake, yaani 17,700. Zikabaki 43,300. Hiyo ada naijua, hukatwa kila mwezi, ila safari hii sikuiweka kwenye hesabu. Hapo kosa ni langu.

Jumatatu alfajiri likaingia agizo langu la kila mwezi la kuhamisha 45,000 kwenda akaunti ya ada ya shule ya mwanangu. Toa 45,000 kwenye 43,300: nimepungukiwa shilingi 1,700. Benki ikalipa, ikanitoza 11,800. Kama mambo yangeishia hapo nisingeandika haya. Nilikubali masharti, nilipungukiwa, nikatozwa mara moja.

Asubuhi hiyo hiyo nilipata SMS kwamba 45,000 imetoka na salio langu ni 149,300. Nikaweka simu mfukoni nikaendelea na wateja. Ningepeleka nini kwa wakala wakati benki yenyewe inaniambia nina laki moja na arobaini na tisa?

Namba ile haikuwa ya uongo, lakini haikuwa hela ya kutumia. Ukilipa kwa kadi, hela haitoki kwenye akaunti dakika ile. Benki huizuia tu, huiweka pembeni kwa ajili ya mwenye duka, halafu siku moja au mbili za kazi mbele ndipo muamala unapoandikwa rasmi kwenye daftari la akaunti. Kwa hiyo kuna masalio mawili. La kwanza ni la daftari, ambalo bado linahesabu hela zilizozuiwa kana kwamba ni zako. La pili ni salio la kutumia, lile lililobaki ukishatoa zilizozuiwa, na kwenye programu ya simu ya benki yangu limeandikwa `Available Balance`. SMS ilinipa la daftari. Lile la pili, dakika hiyo, lilikuwa limeshafika hasi 1,700, na baada ya tozo hasi 13,500.

Yale manunuzi matatu ya kadi yakaanza kuandikwa. Matairi yaliingia Jumatatu usiku, mafuta na dawa vikaingia Jumanne. Kila kimoja kilipoandikwa, mfumo uliangalia salio la kutumia, ukakuta liko chini ya sifuri, ukatoza 11,800. Mara tatu. Yaani manunuzi yaliyokubaliwa nikiwa na hela ya kutosha, na ambayo hela yake ilikuwa imeshatengwa tangu mwisho wa wiki, yalihesabiwa kama vile nimenunua sina kitu. Na kila tozo ilizidi kulisukuma salio chini: kutoka hasi 13,500 likaenda hasi 25,300, hasi 37,100, mpaka hasi 48,900 Jumanne usiku. Katika hiyo 48,900, upungufu wangu mwenyewe ni 1,700. Nyingine zote ni tozo.

Alhamisi alfajiri ikaongezeka ya tano, 5,000 na VAT, yaani 5,900, kwa sababu akaunti ilikaa chini ya sifuri siku tatu mfululizo. Nilikuwa nimeanza kushtuka Jumatano jioni, nilipotaka kutoa hela kwa wakala ikagoma. Alhamisi nilipofungua duka tu nikamtuma kijana wangu aweke 200,000. Salio likasoma 145,200. Toa hiyo kwenye laki mbili utaona 54,800 imekwenda wapi: 1,700 yangu na 53,100 ya tozo.

Ijumaa nilikwenda tawini. Dada wa dawati la huduma alinipokea vizuri, hilo nalisema wazi, lakini jibu lake la kwanza lilikuwa, "Mama, miamala minne imelipwa akaunti ikiwa hasi, ndiyo maana tozo ni nne." Sikumbishia. Nilimwomba anichapie stetimenti yenye tarehe mbili kwa kila muamala, ya siku nilipolipa na ya siku ulipoandikwa. Stetimenti ya kawaida ya simu ina moja tu, ya kuandikwa, na ukiitazama hiyo utaamini kweli nilinunua matairi Jumatatu nikiwa sina hela. Nikaweka pembeni risiti za mashine ya kadi, kila moja na tarehe na saa yake. Ya matairi ilisema Ijumaa saa nane na dakika thelathini na saba mchana, wakati nina 212,000.

Halafu nikamwambia jambo ambalo ndilo kiini cha malalamiko yangu. Benki inaweza kunipima kwa salio la kutumia, au inaweza kunipima kwa salio la daftari. Tukitumia la kutumia, basi hela za manunuzi matatu zilishatolewa siku ya kuzuiwa, na kilichopungukiwa ni lile agizo la shule peke yake. Tozo moja. Tukitumia la daftari, agizo la shule lilikuta 194,300 na kuacha 149,300, halikupungukiwa chochote. Yakafuata matairi na kuacha 53,300, mafuta yakaacha 19,300, dawa za 21,000 ndizo zikapungukiwa 1,700. Tozo moja pia. Kwa kipimo chochote upungufu ni mmoja na tozo ni moja. Ili zifike nne, lazima hela ile ile ya kadi itolewe mara ya kwanza ilipozuiwa, kisha iadhibiwe tena ilipoandikwa.

Alichukua karatasi yangu, akaipiga hesabu mwenyewe kwenye kikokotoo, akaenda kumwita msimamizi wake. Huyo naye alipitia polepole, kisha akaniuliza kama nimeshawahi kufanya kazi benki. Nikamwambia hapana, nauza vipuri, kila jioni nafunga mahesabu.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba jambo hili lina historia kwingine. Marekani, mwezi Oktoba 2022, CFPB, ambayo ni ofisi ya serikali ya kuwalinda wateja wa huduma za fedha, ilitoa waraka kwamba kumtoza mtu ovadrafti kwa ununuzi wa kadi ambao ulikubaliwa akiwa na salio la kutosha huenda ni kumtendea isivyo haki, kwa kuwa mteja wa kawaida hawezi kuijua tozo hiyo kabla haijampata. Sheria yao haifiki Mtwara. Ila nilifarijika kuona hesabu yangu ya mezani ndiyo hiyo hiyo waliyoifanya wao.

Baada ya siku nane za kazi nilirudishiwa tozo mbili, ya matairi na ya mafuta, jumla 23,600. Ya agizo la shule ilibaki, na ya 5,900 ikabaki, na hizo sizidai, kwa maana hata na tozo moja tu ningekuwa hasi 13,500 mpaka Alhamisi. Ila walibakiza na ya dawa, kwa maelezo kwamba "muamala huo ndio uliopeleka daftari chini ya sifuri." Hapo wametumia vipimo viwili kwa mkupuo: agizo la shule wamelipima kwa salio la kutumia, dawa wamezipima kwa daftari. Na ukifuata stetimenti yao, daftari lilikwenda chini ya sifuri kwenye mafuta, siyo kwenye dawa, kwa sababu tozo zao zenyewe zilikuwa zimeshalipunguza.

Ovadrafti nimeiondoa. Ilihitaji barua yenye sahihi, programu ya simu haina pa kuizima. Sasa hela isipotosha malipo yanagoma, na agizo la shule likigoma lina tozo yake ya kushindwa, kwa hiyo nimelisogeza kutoka tarehe ya mwanzo wa mwezi hadi tarehe 5, ada ya benki ikiwa imeshakatwa na manunuzi ya mwisho wa mwezi yameshaandikwa. SMS ya salio siiangalii tena kwa kuamua matumizi. Nafungua programu natazama `Available Balance`.

Ile 11,800 ya dawa nimeiandikia malalamiko rasmi tawini, nimegongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, na nimeambatanisha stetimenti ya tarehe mbili na risiti tatu. Wakikataa, bahasha hiyo hiyo naipeleka kwenye dawati la malalamiko la Benki Kuu, ambayo ina tawi hapa hapa Mtwara.