Kopo limeandikwa haizibi, mbona taya limejaa vinundu?

Mwezi wa tatu nilinunua krimu ya uso Kariakoo, shilingi 35,000, kwa sababu mbele ya kopo paliandikwa "non-comedogenic", yaani haizibi vitundu vya ngozi. Wiki mbili za mwanzo uso ulikuwa laini kweli. Wiki ya tano nikapitisha kidole kwenye taya, nikakuta vinundu vigumu kama chembe za mchele chini ya ngozi, haviwashi wala haviumi. Hapo vitundu vimeziba. Huziba taratibu, kwa wiki kadhaa; krimu inayokuunguza na kukutoa vipele vyekundu kesho yake imekukera ngozi, na hilo ni jambo jingine.

Nikageuza kopo. Kiungo cha nne: Isopropyl Myristate. Hiki ndicho kinachofanya krimu nzito iteleze na kunywewa haraka, na ndicho kilichoziba vitundu vya ngozi ya masikio ya sungura kwenye majaribio ya miaka ya 1970. Ngozi ya sikio la sungura huziba upesi kuliko uso wa mtu, kwa hiyo kikiwa kidogo sana huenda kisikudhuru. Lakini viungo hupangwa kuanzia kilicho kingi, na cha nne si kidogo. Na lile neno la mbele? Hata Marekani hakuna sheria inayotaja jaribio la kufanya kabla ya kuliandika. Kampuni moja hupima kwenye migongo ya watu kwa wiki kadhaa, nyingine hutazama tu orodha yake ya viungo.

Kwa hiyo soma vile vitano vya mwanzo. Ukikuta Isopropyl Myristate au ndugu yake Isopropyl Palmitate, rudisha.

Chaguo langu la kwanza ni losheni ya uso ya CeraVe PM, na siombi radhi kwa kuipenda: nyepesi, haina manukato, na kwenye joto hili la Dar haikai juu ya uso kama utando. Ya pili ni Neutrogena Hydro Boost ya jeli, ila chukua isiyo na manukato. Ukitaka mafuta, chukua skwaleni, ile iliyoandikwa Squalane, matone mawili juu ya uso wenye unyevu. Mafuta ya nazi yaache kwenye nywele na miguu, hata kama bibi aliyapaka usoni maisha yake yote. Vaselini ya bei rahisi haizibi, ila inanata.

Kinachoniudhi ni wauzaji wanaochota krimu na kuiuza kwenye vikopo visivyo na maandishi. Nilipouliza viungo niliambiwa, "Dada, hii wanapaka wote." Sinunui tena nisichoweza kukisoma. Na kipya chochote nakipaka upande mmoja wa taya tu, usiku, wiki sita, huku nikilinganisha kwa kidole na upande wa pili.