Chupa ya mafuta ya karafuu: ipi ununue, ipi uiache

Ukipita Darajani au soko la Chake Chake utaonyeshwa vichupa vingi vyenye maandishi yale yale: "mafuta ya karafuu". Ndani yake kuna vitu tofauti, na bei peke yake haikwambii kitu. Hivi ndivyo ninavyovipanga, cha kwanza kikiwa bora.

Cha kwanza ni mafuta ya karafuu zenyewe, yaliyokenekwa kwa mvuke. Kilo 100 za karafuu kavu hutoa kilo 15 hivi za mafuta au zaidi kidogo, kwa hiyo hayawezi kuwa rahisi. Rangi yake ni manjano hafifu, na harufu ni kali lakini ina utamu ndani yake.

Cha pili ni mafuta ya makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa. Kiwanda cha ZSTC, shirika la biashara la serikali ya Zanzibar, kilichopo Wawi, Pemba, kinajulikana kwa mafuta haya. Kwa jino linalouma au kwa kuchua misuli yanafanya kazi sawasawa, kwa sababu yamejaa yujenoli, ile dawa inayotia ganzi. Kinachopungua ni utamu wa harufu; ukiyanusa unahisi kama mti. Kwa matumizi ya nyumbani mimi huyapendekeza haya, mradi yawe yameandikwa makonyo na kuuzwa kwa bei ya makonyo. Muuzaji akiyaita karafuu, hapo umepunjwa.

Cha tatu ni ya majani. Harufu yake inakwaruza, na mara nyingi yana weusi. Yachukue kama huna jengine.

Cha nne ni mafuta ya kuchua, karafuu iliyotiwa ndani ya nazi. Si kitu kibaya kama chupa inasema hivyo. Ubaya ni pale nazi au mafuta ya kula yanapotiwa kimyakimya, na huo ndio udanganyifu unaoweza kuugundua mwenyewe.

Watu wengi hutumia bilauri ya maji: mafuta safi ya karafuu huzama, ya nazi huelea. Ni kweli, lakini usiridhike upesi. Kwanza, tone dogo likiangushwa juu ya maji huweza kubaki juu hata kama ni safi, kwa hiyo lisukume chini kwa kijiti cha meno kisha uliangalie linakwenda wapi. Pili, piga hesabu hii. Mililita 10 za mafuta safi zina uzito wa gramu 10.5 hivi, za nazi gramu 9.2, na za maji gramu 10. Mtu akichanganya nusu kwa nusu anapata gramu 9.85, na hayo yataelea. Lakini akitia mililita 3 za nazi kwenye 7 za karafuu, anapata gramu 10.1. Bado yatazama! Kwa hiyo yakielea yaache, ila yakizama hujamaliza kazi.

Ndipo inapokuja spiriti ya duka la dawa, ile ya asilimia 70. Chukua kichupa kidogo cha kioo kikavu, tia kipimo kimoja cha mafuta na viwili vya spiriti, utikise. Mafuta safi huyeyuka yote ukaona ng'avu. Yenye nazi au mafuta ya kula hugeuka ukungu, na ukiyaacha yatulie hujitenga. Kama huna spiriti, dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, na pembeni yake tone la nazi. Kesho yake yainue kwenye mwanga: la nazi litakuwa bado doa la mafuta linalopitisha mwanga, la karafuu litakuwa limekauka, pengine limeacha kivuli cha manjano tu.

Vipimo hivi havitofautishi karafuu na makonyo, kwa kuwa yote huzama na yote huyeyuka. Hapo unategemea pua, au maabara. Ndiyo maana nataka chupa yenye jina la mtengenezaji, sehemu ya mti iliyokenekwa na tarehe.

Angalia na chombo chenyewe. Yujenoli hushambulia baadhi ya plastiki, kwa hiyo chagua kioo cheusi au cha hudhurungi. Mafuta yaliyokaa sana, au yaliyogusana na chuma, hugeuka kahawia. Yakiwa hivyo omba punguzo au yaache.

Na hata yakiwa safi kabisa, usiyapake makali kwenye ufizi wa mtoto, wala asiyanywe: mililita chache tu zinaweza kumdhuru ini. Mtu mzima ayapunguze kwa nazi kabla ya kupaka ngozi, tone moja kwa kijiko cha chai.