Waya wa kutundikia mzigo: chuma cha pua, nailoni au shaba?

Tuchukue mzigo wa kilo 10, waya wa mita 2, kipenyo milimita 1. Mzigo huo unavuta kwa kani ya newtoni 98. Eneo la mkato wa waya ni milimita za mraba 0.785, kwa hiyo mkazo ni kama newtoni 125 kwa kila milimita ya mraba, uwe waya wa kitu chochote. Tofauti inaonekana kwenye kurefuka.

Nafasi ya kwanza naipa chuma cha pua kigumu, kile cha kutengenezea springi. Kwa mzigo huu kinarefuka milimita 1.25 tu, na ukiutoa kinarudi urefu wake. Mzigo ukitulia mahali pamoja, usihangaike na kingine.

Ya pili ni nailoni, ambayo itarefuka zaidi ya sentimita 8. Kwa kutundika tu, hilo ni kero, tena huendelea kurefuka polepole mzigo ukikaa siku nyingi. Lakini soma grafu ya kani dhidi ya urefu ulioongezeka: eneo lililo chini ya mstari ndiyo nishati iliyohifadhiwa. Kwa mstari ulionyooka ni nusu ya kani mara urefu ulioongezeka. Chuma kinapata joule 0.06, nailoni joule 4. Sasa mzigo uleule uanguke sentimita 5 kabla ya waya kuukamata. Waya lazima umeze karibu joule 5 za kuanguka huko, pamoja na nishati ya mzigo kuendelea kushuka waya unaporefuka, na kwa kuwa chuma hakirefuki sana, kani inapanda hadi newtoni 900 au zaidi. Kwenye nailoni inaishia karibu 240. Penye mishtuko, basi, nailoni inakuwa ya kwanza.

Shaba nyekundu laini naiweka mwisho. Grafu yake huanza kwa mstari ulionyooka, kisha hupinda mapema, kabla mkazo haujafika 125. Ukipunguza mzigo, mstari unarudi sambamba na ule wa mwanzo lakini haufiki sifuri: waya umebaki mrefu moja kwa moja. Eneo kati ya njia ya kwenda na ya kurudi ni nishati iliyopotea, nyingi yake ikawa joto.

Ukionyeshwa grafu dukani, tazama kwanza mihimili. Kani ikiwa kwenye mhimili wa wima, mstari mkali zaidi ndio waya mkakamavu zaidi. Ikiwa kwenye ulalo, ni kinyume chake. Kisha uliza urefu na kipenyo cha waya uliopimwa. Waya mfupi na mnene wa shaba unaweza kuonekana mkakamavu kuliko wa chuma mrefu na mwembamba. Ili kulinganisha vitu vyenyewe, gawanya kani kwa eneo la mkato, na kurefuka kwa urefu wa mwanzo. Mteremko wa grafu hiyo mpya, yaani moduli ya Young, ni takriban gigapaskali 200 kwa chuma, 120 kwa shaba na 3 kwa nailoni.