Karatasi chini ya basketi ya espreso, skrini za juu na vidude vingine: uzoefu wangu wa miezi nane

Nimenunua karibu kila kidude kinachouzwa cha kuweka juu au chini ya kahawa kwenye portafilta, ule mpini unaoshika basketi ya unga na kufungwa kwenye mashine ya espreso, na nikiulizwa kipi ningenunua tena kesho, ni karatasi. Kale kakaratasi ka duara kanakokaa chini kabisa ya basketi kabla hujamwaga unga. Mashine yangu ni ya nyumbani, boila moja, portafilta ya milimita 58, basketi ya gramu 18, na kahawa ninayonywa zaidi ni arabika ya Mbozi iliyochomwa kiasi, sio ile nyeusi inayong'aa mafuta. Hii ya kuchomwa kiasi naielezea kwa sababu ndiyo iliyonisukuma kutafuta karatasi, kahawa ya hivi ni ngumu kuitoa utamu, ukisaga kubwa inakuja na ukakasi wa limao bichi, ukisaga laini mashine inabanwa inatoa tone moja moja halafu kikombe kinakuwa kichungu.

Sasa karatasi inafanya nini. Bila karatasi unga umekaa moja kwa moja juu ya chuma, na chuma chenyewe sehemu kubwa hakina tundu, kwahiyo maji yakifika chini inabidi yajikusanye kuelekea kwenye vitundu, na lile vumbi laini la kahawa linaziba vitundu vingine kabisa. Kahawa iliyokaa katikati ya tundu na tundu haioshwi vizuri. Ukiweka karatasi, maji yanapita popote kwenye unga halafu yanatambaa ndani ya karatasi mpaka kwenye tundu la karibu, na vumbi linabaki juu yake. Ukiwa na portafilta ya uchi, ile isiyo na mdomo chini, utaona kwa macho yako. Mimi kabla ya karatasi nilikuwa na upande mmoja unaobaki mkavu kama sekunde tano hivi wakati kwingine kunachuruzika, baada ya karatasi matone yanatokea chini yote karibu kwa pamoja.

Niseme nilivyopima maana wengi wanaweka karatasi mara moja wanasema haina maana. Gramu 18 ndani, gramu 36 kwenye kikombe, bila karatasi ilikuwa sekunde 29. Nikaweka karatasi bila kugusa grainda, sekunde 21, na kikombe kikawa kichachu kuliko hata mwanzo. Hapo ndipo watu wanaitupa. Lakini hizo sekunde nane zilizopungua ndio faida yenyewe, maana sasa una nafasi ya kusaga laini zaidi bila mashine kubanwa. Nikakaza grainda hatua mbili nikarudi kwenye sekunde 30, na hicho kikombe ndio kilinifanya niagize pakiti ya pili, ule ukakasi ulishuka ikabaki ladha kama ya chungwa lililoiva na utamu wa sukari guru mwishoni. Nikarudia siku tano, asubuhi moja ya karatasi na moja bila, kila moja kwa usagaji wake unaoifaa, mke wangu ananiletea bila kuniambia ipi ni ipi, nikazitambua nne kati ya tano. Krima, lile povu la juu, inapungua kidogo na kinywaji kinakuwa chepesi mdomoni kwa sababu karatasi inashika mafuta kiasi. Kwenye espreso ya kunywa tupu napenda hivyo, ila kwenye maziwa sioni tofauti ya kutosha, na kwa kahawa iliyochomwa sana usijisumbue, ile inatoka kirahisi yenyewe.

Yaliyonishinda mwanzoni: niliweka karatasi kavu, unga ukaingia chini yake wakati namwaga, ikapinda pembeni na kahawa ikaruka kwa kasi upande huo. Lowesha kwanza, weka kwenye basketi, nyunyiza maji kidogo, ibonyeze na kidole mpaka igande, kung'uta maji yaliyobaki. Pili ni saizi. Basketi ya 58 chini haina lazima iwe 58, nyingi zinapungua kwenda chini, karatasi ikiwa kubwa inapanda ukutani na kuacha mwanya. Pima kipenyo cha ndani cha chini kwa rula, changu kilitaka ya 55. Kama hupati, karatasi za kuchujia za Eropresi, kile kifaa cha kutengeneza kahawa kwa kusukuma na mkono, zinakatika vizuri kwa mkasi, unachora kwa kufuata kifuniko cha saizi inayofaa. Na kama basketi yako ni ile ya presha, yenye kitundu kimoja tu chini, acha, karatasi haitakusaidia kwa sababu presha inatengenezwa na kile kitundu sio na unga.

Skrini za juu sasa, zile za chuma za matundu madogo madogo unazoweka juu ya kahawa ukishashindilia. Nilianza na nene ya milimita 1.7 ikanisumbua wiki mbili bila kujua tatizo ni nini, kahawa inapasuka, maji yanapita pembeni. Kumbe basketi yangu kwa gramu 18 haina nafasi, nikifunga portafilta skrini inagusa shawa ya mashine, ile sahani ya matundu inayomwaga maji, na kuivunja keki, yaani unga ulioshindiliwa, kabla hata maji hayajatoka. Jipime hivi, shindilia, weka sarafu juu, funga portafilta halafu fungua bila kuwasha pampu, kama sarafu imezama kwenye unga huna nafasi ya skrini nene. Nikashuka gramu 17 tatizo likaisha. Ikiwa ya baridi pia inanyonya joto la maji, iache juu ya mashine ipate moto. Faida yake ya kweli kwangu ni usafi, shawa haipakwi unga, ladha sikuona ikibadilika. Lakini yenyewe inaziba, kila baada ya siku chache inyanyue kwenye mwanga, ukiona madoa meusi matundu yamejaa mafuta, iloweke kwenye maji ya moto na sabuni ya mashine ya kahawa.

Kwa hiyo saivi juu naweka karatasi ileile, haina unene, haichukui joto, unaitupa pamoja na keki. Inafanya kazi ileile ya usafi.

Kabla hujanunua chochote cha kusambaza maji, toa portafilta, washa pampu sekunde mbili uangalie shawa ya mashine. Maji yanatakiwa yanyeshe kama mvua ya manyunyu, yangu yalikuwa yanashuka mkondo mmoja upande wa kushoto. Nikafungua ile skrubu ya katikati, nikatoa shawa, nyuma kulikuwa na ukoko mweusi, nikasugua na brashi, mvua ikarudi. Hapo sikutumia hata shilingi.

Kingine ninachokitumia kila siku ni sindano za kukorogea unga, nyembamba za milimita 0.4, unakoroga kuanzia chini kwenda juu kuvunja mabonge kisha unashindilia. Zangu nimezichomeka kwenye kizibo cha chupa. Ile sahani ya kuzungusha juu ya unga kusawazisha nimempa jirani, inalainisha uso tu, mabonge ya chini yanabaki palepale, na kwenye portafilta ya uchi nilikuwa bado naona mikondo myembamba inaruka pembeni.

Bei, pakiti ya karatasi 100 nilipata kwa elfu kumi na mbili, skrini elfu thelathini na tano. Kwa mwenye kahawa ya kuchomwa kiasi na grainda inayoweza kusaga laini hatua kwa hatua, anza na sindano, halafu karatasi. Grainda yako ikiwa haina hatua ndogo ndogo, karatasi itakuachia kahawa inayokimbia na hutakuwa na pa kuikazia.